Je, Mwenye Kuuguza Ana Haki ya Kuchoka?

Siku niliyomfokea Jaja ilikuwa Jumatano asubuhi, na kosa lake lilikuwa kumwaga uji. Hata kuliita kosa ni kumwonea, kwa maana mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza kwa miezi mitano, na aliyekishika kikombe vibaya nilikuwa mimi. Uji ulimteremka shingoni ukaingia katika gauni nililokuwa nimembadilisha muda mfupi uliopita. Nilipaza sauti, nikamwambia maneno ambayo kwetu mjukuu hamwambii bibi yake. Hakunijibu, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno. Alinitazama tu, kisha akafumba macho.

Sikulia wala sikuomba radhi. Nilichukua kitambaa nikamfuta kidevu na shingo, kimya, kama mtu anayefuta meza baada ya wageni kuondoka. Nilipokumbuka jambo hilo usiku, zile kelele hazikunitisha sana. Kila mtu hupandwa na hasira. Kilichonitisha ni kule kumfuta kama meza, na kutambua kwamba haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemfuta hivyo kwa wiki kadhaa, nami sikujua.

Katika insha hii ninataka kujadili maswali mawili yaliyotokana na asubuhi ile. La kwanza: mtu anayemuuguza ndugu yake nyumbani anaweza kutambuaje mapema kwamba anaishiwa, kabla hajamuumiza yule anayemuuguza? La pili, ambalo ni gumu zaidi: akishatambua, ana haki ya kusema "nguvu zangu zinaishia hapa" bila kujiona msaliti?

Jaja ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Buganda. Yeye ni mama wa mama yangu, na anaishi katika nyumba yake mwenyewe kijijini, si mbali na mji wa Masaka. Kiharusi kilipompata, mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni Kampala na karo ya mwaka wa tatu haikuwa imepatikana. Mama anafanya biashara sokoni, na biashara hiyo ndiyo inayowasomesha wadogo zangu. Baba hakuweza kumgusa Jaja, kwa sababu katika desturi yetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake. Alikuwa akileta kuni na matoke, anaviacha penye ua, anaondoka. Mjomba anafanya kazi Nairobi na alikuwa akituma pesa kwa simu. Mama mkubwa anaishi kijiji cha pili. Basi wote wakanitazama mimi, nami nikakubali kwa moyo mweupe. Nilisimamisha masomo mwaka mmoja nikahamia kwa Jaja.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuuguza bila kulifikiria neno lenyewe. Tunafundishwa darasani kwamba kitu kikipungua, anayekifanya kipungue anakipunguza. Kwa kanuni hiyo hiyo, kutoka "kuugua" tungepata "kuuguza" kwa maana ya kumfanya mtu augue. Lakini lugha imekwenda njia nyingine, na kuuguza ni kumtunza aliyeugua. Nilikuwa nikiuona huo kuwa mchezo wa sarufi tu. Baada ya Jumatano ile niliona kwamba maana zote mbili zinaweza kukutana katika mtu mmoja, kwa sababu anayemtunza mgonjwa akiwa ameishiwa anaweza kumwongezea ugonjwa.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika kuhusu wahudumu walioanza kazi kwa ari kubwa na baada ya muda wakawa kama nyumba iliyoungua ndani. Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson walitunga kipimo mwaka 1981 chenye pande tatu: kuchoka kihisia, kumwona anayehudumiwa kama kitu, na kuona kwamba juhudi zako hazina maana. Huo upande wa pili ndio nilioukuta katika kitambaa changu. Lakini Shirika la Afya Duniani, lilipotoa maelezo yake mwaka 2019, lilisema hali hii inahusu mazingira ya ajira, na kwamba jina hilo lisitumiwe kwa maeneo mengine ya maisha. Kwa maelezo hayo, muuguzi wa wodini anaweza kuishiwa, lakini mjukuu anayefanya kazi zile zile sebuleni, bila zamu na bila mshahara, hayumo. Sidhani kwamba shirika hilo lilikusudia kutudharau. Hata hivyo, jambo lisilo na jina huchelewa kuonekana, na langu lilichelewa.

Sasa nieleze jinsi lilivyokuja, kwa mpangilio nilioweza kuukumbuka baadaye. Watu wengi hudhani dalili ya kwanza ni uchovu. Uchovu hausaidii kutambua chochote, kwa sababu kila anayeuguza amechoka tangu wiki ya kwanza. Mtu aliyepooza anapaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Kwa hiyo nililala saa nne usiku, nikaamka saa sita, saa nane na saa kumi, kisha saa kumi na mbili siku ikaanza. Yeyote angechoka. Jambo la kutazama ni kama kupumzika kunasaidia. Mwanzoni, mama alipokuja kulala kwetu Jumamosi, niliamka Jumapili nikiwa mtu mpya. Mwezi wa tatu alikuja, nikalala usiku mzima, nikaamka nikiwa mzito vile vile. Hapo palikuwa na habari, lakini sikuisoma.

Ikafuata hesabu. Nilianza kuweka kichwani daftari la madeni: nani alipiga simu, nani hakupiga, nani alikuja akanywa chai bila kuuliza kama maji yapo. Nilikuwa na hoja, kwa maana ndugu walikuwa wamenitupia mzigo. Lakini hesabu hiyo iliniingia hadi katika kumlisha Jaja. Kila kijiko nilikihesabu kama kitu ambacho ulimwengu unanidai.

Kisha ukaja ukimya, na huu ndio ninaouona kuwa dalili ya mapema iliyo wazi kuliko zote. Zamani nilipomgeuza nilimwambia, "Jaja, sasa tunakwenda upande wa dirisha," nikamweleza jirani gani anapita na ng'ombe. Hakuweza kujibu lakini alisikia, na mara nyingine alicheka kwa nusu ya mdomo. Polepole niliacha. Sikuamua kuacha. Niliona tu kwamba kumgeuza bila kusema kunamaliza kazi haraka. Nikihesabu nyuma, ukimya ulianza karibu wiki saba kabla ya Jumatano ya uji. Kama mtu angeniuliza wakati ule, "Jana ulimwambia nini Jaja?" ningekosa jibu, na kukosa huko kungeniokoa.

Baada ya ukimya ulikuja udanganyifu, na hili ninaliandika kwa aibu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuonyesha namna ya kuukunjua mkono wa Jaja uliopooza, kidole kwa kidole, asubuhi na jioni, ili usikakamae. Tulikuwa na daftari la kuandika yaliyofanyika. Nilianza kuruka zoezi la jioni nikaliandika kuwa limefanyika. Nilichagua kuruka kitu ambacho hakuna ambaye angekiona mara moja. Kama ningeacha kumlisha, angelia, na kama ningeacha kumgeuza, kidonda kingenishtaki. Mkono hukakamaa polepole, bila kelele. Nadhani mtu aliyeishiwa ana akili ya namna hii: huiba pale ambapo mgonjwa hawezi kulalamika.

Dalili ya mwisho kabla ya kelele ilikuwa wazo lililonijia usiku mmoja nikiwa nimesimama kando ya kitanda: "Haya yangekwisha." Sikuwa na nia ya kumdhuru. Lakini "yangekwisha" kwa njia gani, kama si kwa yeye kuondoka? Wazo hili huwajia wengi wanaouguza na halimfanyi mtu kuwa mwovu. Linamwambia kwamba amepita mahali pa kugeukia. Niongeze hapa kwamba kama giza la namna hiyo linafunika kila kitu, hata yale uliyoyapenda nje ya ugonjwa, au kama wazo la kufa linakugeukia wewe mwenyewe, hilo huenda likawa sonona, na halitatuliwi kwa kugawana kazi. Linahitaji mhudumu wa afya, upesi.

Asubuhi ya Alhamisi nilimpigia mama nikamwambia nililofanya. Nilitarajia anigombeze. Alinyamaza, kisha akasema, "Andika kila kitu unachofanya kwa siku saba, halafu tutaita watu." Mama ni mfanyabiashara na huamini kilichoandikwa.

Niliandika. Kwa wastani wa siku moja ilikuwa hivi: kumwogesha na kumvisha, saa moja. Kumlisha mara tatu, jumla saa mbili, kwa sababu mtu ambaye kumeza kumemwia vigumu hulishwa akiwa ameketi wima, uji uwe mzito ili usimpalie, kijiko kidogo kidogo. Kumgeuza, kumbadilisha nepi na kumpa dawa za shinikizo la damu mchana, saa moja na nusu. Mazoezi, nusu saa, nilipoyafanya. Kuamka usiku, jumla saa moja. Kufua, saa moja na nusu. Maji, kuni na kupika, saa mbili. Kupokea wageni na kuwapikia chai, saa moja na nusu. Jumla saa kumi na moja za kazi, kila siku, pamoja na usingizi uliokatwa vipande vinne.

Kisha nikajiuliza juu ya kila kazi: ikiachwa, Jaja ataumia? Na kama ataumia, ni lazima iwe mimi? Zile ambazo Jaja angeumia zikiachwa, na zinazohitaji mtu aliyefundishwa, zilikuwa saa sita: kuoga, kulishwa, kugeuzwa, dawa, mazoezi na usiku. Zile ambazo mtu yeyote mwenye mikono anaweza kuzifanya zilikuwa saa tatu na nusu: kufua, maji, kuni, kupika. Na ile saa moja na nusu ya chai ya wageni Jaja asingeihitaji kabisa. Niliitazama karatasi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemwibia Jaja zoezi la mkono la dakika kumi na tano, huku nikiwapikia wageni chai.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo naliona kuwa kiini cha swali la mipaka. Kila mtu anayeishiwa hujiwekea mipaka, apende asipende. Mimi tayari nilikuwa na mipaka yangu: nilikata mazungumzo, nikakata mazoezi. Lakini niliiweka gizani, nikaikata sehemu ya mgonjwa na kuacha sehemu ya heshima yangu mbele ya wageni. Swali la maadili, basi, haliwezi kuwa "Je, niweke mipaka?" Mwili utaiweka. Swali ni nani atakayebeba hasara yake, na kama itawekwa mbele ya watu au kwa siri.

Watu walikutana Jumapili chini ya mwembe wa Jaja, naye tukamtoa nje kwa kiti ili asisemwe akiwa ndani. Niliisoma karatasi. Mama mkubwa aliitikia kwanza, na maneno yake yalikuwa mazito. Alisema, "Mwanangu, mama yetu hakutuwekea saa za kutunyonyesha. Leo wewe unampimia saa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo nimelifikiria sana, kwa sababu ndilo pingamizi la kweli. Linasema kwamba upendo hauna kipimo, na anayepima amekwisha kupunguza. Nadhani lina ukweli nusu. Ni kweli Jaja hakupima saa. Lakini mtoto mchanga kwetu hakuwahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Alibebwa na dada, akapokewa na shangazi, akalala mgongoni kwa bibi. Mimi mwenyewe nilibebwa na Jaja huyu huyu ili mama aende sokoni. Mama hakuhitaji kupima kwa sababu mikono mingine ilikuwepo kabla hajachoka. Kunitaka mimi peke yangu nitoe bila kipimo kile ambacho zamani kilitolewa na ukoo mzima si kuirudia desturi. Desturi ilikuwa imevunjwa na wale waliokuwa wakiitumia kunilaumu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, kwa aliyekaa mbali, Jaja alikuwa mwepesi.

Pingamizi la pili halikusemwa na mtu, lilikuwa machoni pa Jaja. Yeye hana siku ya kupumzika kupooza. Mimi nikienda zangu Jumapili, yeye anabaki na mwili ule ule. Je, ni haki? Nadhani si haki, na hakuna mpangilio wa kazi utakaoifanya iwe haki. Lakini mateso yake hayapungui nikiyaongezea ya kwangu. Kinachoweza kupungua ni maumivu yanayotoka kwangu: uji unaomwagika, ukimya, mkono unaokakamaa.

Tulikubaliana mambo manne. Chai ya wageni ilifutwa, na mama alitangaza mwenyewe kwamba atakayekuja kumwona Jaja aje saa kumi jioni, na akitaka kusaidia aje na dumu la maji. Kazi za kufua na kuteka maji zilikwenda kwa jirani mmoja, mama mtu mzima, aliyelipwa kutokana na pesa za mjomba. Binamu yangu wa kiume, mwenye miaka kumi na tisa, alichukua usiku wa Jumanne na Ijumaa. Wengine waliguna, lakini kwetu mjukuu ana utani na bibi yake na uhuru ambao mkwe hana, na Jaja alicheka nusu ya mdomo aliposikia. Nilimfundisha kwa siku tatu: namna ya kumvuta kwa shuka badala ya kumvuta mkono, kuweka mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, na kukagua ngozi kila asubuhi. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri, hivyo unagusa, ukitafuta mahali palipo na joto, pagumu au peusi kuliko kando yake. La nne, Jumapili ingekuwa yangu, na mama mkubwa angekuja.

Jambo moja lilitoka nje ya mkutano. Nilimweleza yule mtaalamu wa mazoezi kuhusu usiku, naye akauliza kuhusu godoro, akaikagua ngozi ya Jaja. Alisema kwa kuwa godoro ni nene na ngozi ni nzima, tunaweza kujaribu saa tatu usiku badala ya mbili, mradi asubuhi tusikose kukagua, na tukiona doa lolote turudi kwenye mbili. Badala ya kuamka mara tatu nikaamka mara mbili. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeteseka nikidhani ninapambana na wajibu wa kimaadili, kumbe sehemu yake ilikuwa swali la kuuliza kliniki.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kwa rafiki yangu mjini Masaka. Nililala hadi saa saba mchana, nikaamka kwa hofu, nikapiga simu mara tatu. Jioni niliporudi, mama mkubwa aliniambia Jaja amekunywa nusu kikombe tu siku nzima. Hatia ilinishika kooni. Kwangu Jaja humaliza vikombe viwili.

Hapa nataka kutenganisha vitu viwili ambavyo moyo huvichanganya. Nilipomfokea Jaja na nilipoandika uongo daftarini, nilifanya kosa. Hatia niliyoihisi ilikuwa ya kweli, na dawa yake ilikuwa kutubu na kubadilika. Nilipokwenda Masaka, Jaja alipoteza kikombe kimoja na nusu cha uji, na hiyo ni hasara ya kweli pia. Lakini sikuwa nimekosa. Nilichohisi kilikuwa masikitiko yaliyovaa nguo za hatia. Namna ninayotumia kuvitofautisha ni kujiuliza: ningepaswa kufanya nini badala yake, na je, ningeweza kukifanya kwa mwaka mzima? Katika uongo wa daftari jibu lipo, ningeweza kuandika ukweli. Katika Jumapili jibu halipo, maana kutokwenda kungenirudisha kwenye kitambaa kile cha kufutia meza. Kant anakumbukwa kwa wazo kwamba wajibu hudai uwezo, kwamba huwezi kulaumiwa kwa kutofanya usiloweza. Ningeongeza kwamba uwezo wa mwenye kuuguza haupimwi kwa siku moja ya ushujaa. Unapimwa kwa kile anachoweza kukirudia kesho na mwezi ujao akiwa bado anazungumza na mgonjwa.

Lakini "siwezi" ni neno ambalo hata mvivu analijua. Mama mkubwa alikuja Jumapili mbili, ya tatu akasema hawezi, mgongo unamuuma. Labda ni kweli. Nilibaki mlangoni nimevaa viatu. Sikuweza kuondoka, kwa sababu mpaka usio na mtu wa kupokea upande wa pili ni kumtelekeza mgonjwa. Nilivua viatu. Jioni ile nilimpigia mjomba nikamwomba aongeze pesa ili yule jirani aliyekuwa akifua achukue Jumapili, nami nikamfundisha kulisha kwa wiki mbili kabla sijamwachia. Nikasisitiza wawepo wawili: jirani, na akishindwa, mama afunge biashara siku hiyo. Tangu hapo naamini kwamba anayesema "hapa ninaishia" anadaiwa sentensi ya pili: "na hapa fulani anaanza." Wale wenye sentensi ya kwanza tu ndio mama mkubwa na mimi wa daftari la uongo.

Hatia haikuondoka kwa sababu nilikuwa na hoja nzuri. Jumapili ya tano nilienda nayo Masaka, nayo ya sita. Kama ningesubiri iondoke kwanza ndipo niweke mpaka, ningesubiri hadi leo. Ilipungua baada ya miezi miwili hivi, na nadhani ilipunguzwa na jambo dogo: nilianza tena kusema, "Jaja, sasa tunakwenda upande wa dirisha," bila kujilazimisha. Mkono wake haukurudi kama ulivyokuwa. Vidole viwili vimekakamaa, na siwezi kujua kama ni kiharusi au ni zile jioni nilizoruka. Hilo nalibeba, na sitaki insha hii iliondoe.

Mwaka ulipokwisha nilirudi chuoni, na binamu yangu ndiye anayelala kwa Jaja sasa, pamoja na jirani. Nampigia simu kila Alhamisi. Mwanzoni nilimuuliza, "Umechoka?" naye kila mara akajibu, "Kidogo tu, dada." Swali hilo nimeliacha, kwa sababu kila mtu analijibu kwa heshima. Siku hizi namuuliza, "Wiki hii Jaja alikuchekesha kwa nini?" Wiki iliyopita alinieleza jinsi Jaja alivyoukamata mkia wa paka kwa mkono wa kushoto akakataa kuuachia. Tumekubaliana na mama kwamba akikosa la kusema Alhamisi mbili mfululizo, hatutamuuliza zaidi. Ijumaa mmoja wetu atapanda gari kwenda kijijini.